Mara Ngapi Mpaka Sigara Iachike: Hotuba kwa Madereva wa Masafa Marefu

Ndugu mwenyekiti, madereva, mautingo, na akina mama mliokuja na waume zenu: asalaam aleykum, Bwana asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi.

Mwenyekiti ametuomba tujibu swali moja tu, na ameliuliza vilevile mnavyoliuliza ninyi wenyewe: mtu wa kawaida huacha sigara mara ngapi ndipo aache kabisa? Tutalijibu kwa namba. Lakini namba hiyo ina utata wake, na aliyeisikia bila kuelezwa inatoka wapi anaweza kuitumia vibaya.

Jibu mlilozoea kulisikia ni mara 5 mpaka 7. Mwaka 2016 watafiti wa Kanada walichapisha hesabu ya wavutaji 1,277 wa jimbo la Ontario, watu waliokuwa wamefuatiliwa kwa muda unaofika miaka 3, wakiulizwa tena kila baada ya miezi 6. Walipotumia njia ya kumuuliza mtu amejaribu mara ngapi maishani mwake, walipata kama 6. Walipoachana na kumbukumbu, wakaangalia majaribio yanayofanyika kweli na mangapi kati yake yanafika mwaka mzima bila sigara, hesabu ilipanda ikafika 30 na zaidi.

Tofauti ya 6 na 30 ni kubwa mno kuwa makosa ya kalamu. Chanzo chake cha kwanza ni kwamba watu husahau. Ukimuuliza mvutaji wa miaka 20 ameacha mara ngapi, atakutajia ile mara aliyokaa miezi 3, ile ya mtoto alipozaliwa, labda na ile ya alipolazwa. Hatakutajia Jumapili aliyotupa pakiti jioni na Jumatatu saa nne akanunua moja kibandani. Yeye haihesabu hiyo kuwa ni kuacha, lakini alikuwa ameamua, alianza, na alishindwa: ni jaribio kamili. Chanzo cha pili ni nani anayeulizwa. Ukiwauliza walioacha tu, umewaacha nje wale ambao bado wanahangaika, na hao ndio wenye majaribio mengi.

Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi nimejaribu mara nane, basi mimi siwezi", mjibu kwamba mara nane ni katikati ya safari. Na tena, hiyo 30 ni wastani, na wastani huvutwa juu na wale wenye uraibu mzito. Wapo wengi wanaoacha katika jaribio la kwanza au la tatu. Hakuna anayekatiwa tiketi yenye namba 30.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo namba inapokuwa na faida. Kati ya watu 100 wanaoacha wenyewe, bila dawa na bila mtu wa kuwashauri, ni 3 mpaka 5 tu wanaokuwa bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi mwaka. Wengi wa wanaorudi hurudi ndani ya siku 8 za kwanza. Tuchukue hiyo 5 kwa kila 100, na tuseme kila jaribio lina nafasi hiyo hiyo. Baada ya majaribio 10, watakaokuwa wameacha ni 40 hivi kati ya 100. Kufikisha nusu ya watu kunahitaji majaribio 14. Ukiweza kuipandisha nafasi ya kila jaribio ikawa 10 kwa 100, nusu wanafikiwa kwa majaribio 7. Ikiwa 15, majaribio 5 yanatosha.

Mnaona basi swali limegeuka. Idadi ya mara inategemea kila mara inafanywaje. Anayejaribu kila mwezi kwa namna ile ile anarudia nafasi ile ile ndogo. Tafiti zilizofuatilia wavutaji wa nchi kadhaa zimeonyesha kwamba aliyeshindwa karibuni ni mwepesi wa kujaribu tena, ila kwa jaribio hilo jipya hana nafasi nzuri kuliko wengine, mara nyingi ana ndogo zaidi. Kushindwa peke yake hakufundishi mtu. Gari likizima njiani, fundi hafungi boneti akapiga stata mara ishirini. Anatafuta ni kifaa gani kimekufa, anabadilisha hicho, ndipo anawasha. Hivyo ndivyo jaribio lililoshindwa linavyokuwa mazoezi.

Tuchukue mfano wa dereva mmoja. Ni mtu wa kubuni, msimtafute ukumbini. Anaendesha semi Dar hadi Tunduma, anavuta sigara 15 kwa siku, ya kwanza kabla hata hajanawa uso. Ana majaribio manne nyuma yake, na sisi tutayafungua moja moja.

Jaribio la kwanza aliacha asubuhi ya safari. Siku ya pili yuko kwenye foleni ya mizani, jua linawaka, ameshakunywa vikombe vitatu vya kahawa na kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu. Mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, anamfokea utingo bila sababu. Anashusha kioo, anamwita kijana wa sigara, ananunua moja.

Kilichomuua hapa ni siku ya pili. Nikotini hutoka haraka: kila baada ya saa 2 hivi nusu yake inakuwa imeondoka kwenye damu, na ndani ya siku moja au mbili karibu yote imekwisha. Ndiyo maana arosto, ile tabu ya mwili kukosa nikotini, hupanda kileleni siku ya 2 na ya 3, hubaki kali kwa wiki moja, kisha hupungua kidogo kidogo mpaka wiki ya 3 au ya 4. Hasira, njaa, usingizi wa mang'amung'amu, kushindwa kutulia na kushindwa kufuatilia jambo moja: vyote hivyo ni vya kipindi hicho, na kwa dereva mwenye tani 30 mgongoni ni hatari ya barabarani pia. Kuanza kuacha siku unayoondoka Dar ni kupanga kilele cha arosto kikukute barabarani. Anza ukiwa umerudi nyumbani, una siku tatu nne za kupumzika kabla ya mzigo mwingine.

Lakini sehemu ya ule mtetemeko haikuwa arosto kabisa. Ilikuwa kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini liharakishe kuondoa kafeini mwilini, ndiyo sababu mvutaji hunywa kahawa nyingi asione kitu. Ukiacha moshi, ini hurudi kwenye kasi yake ya kawaida ndani ya siku chache, na vikombe vile vile vitatu vinaweza kukuachia kafeini maradufu kwenye damu. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi: mtu anadhani ni kiu ya sigara, anavuta. Dawa yake ni rahisi: siku unayoacha, kata kahawa na vile vinywaji vya makopo kwa nusu. Na elewa kwamba kazi hiyo hufanywa na moshi wenyewe, wala si nikotini. Hata ukiwa umebandika plasta ya nikotini, bado kahawa upunguze.

Jaribio la pili alifika siku ya 9. Arosto ilikuwa imeanza kulegea. Amefika Tunduma, foleni ya mpaka imesimama, jioni wanakaa na wenzake kwa bia. Bia ya pili mezani, pakiti ya mwenzake iko wazi karibu na chupa. Asubuhi anaamka amevuta sita.

Pombe inafanya mambo mawili kwa pamoja. Inalegeza uamuzi, na mwili umezoea miaka mingi kwamba bia na sigara ni kitu kimoja, hivyo kimoja kikiingia kinaita kingine. Tunawaambia watu: mwezi wa kwanza bila pombe kabisa. Wengi hapa hukunja uso, wanasema tumewanyima vyote viwili. Sawa, lakini angalieni lile jaribio lilivyokufa. Siku 9 za tabu zimeondoka kwa bia mbili. Asiyeweza kukaa mwezi bila pombe akubaliane angalau na hili: asinywe mahali penye mtu anayevuta, na asinywe kabla ya kula.

Jaribio la tatu lilikuwa la kupunguza. Kutoka 15 akaenda 10, akaenda 5, akakaa kwenye 5 wiki kadhaa, kisha pole pole 15 ikarudi. Hili watu wengi hulipenda kwa sababu haliumi. Mwaka 2016 huohuo Uingereza walichapisha jaribio la kitabibu la watu karibu 700: nusu walipangiwa waache ghafla siku moja, nusu wapunguze kwa wiki mbili ndipo waache, wote wakipewa nikotini ya dawa na mshauri. Baada ya wiki 4, walioacha ghafla waliobaki bila sigara walikuwa 49 kwa 100, na waliopunguza kwanza walikuwa 39. Kupunguza hakufai kuliko kuacha siku moja. Na dereva wetu hakuwa hata na tarehe ya mwisho; zile 5 alizobakiza zilikuwa ndizo tamu kuliko zote, ya asubuhi, ya baada ya chakula, ya baada ya mizani. Alikuwa akizipigia kampeni kwa mwili wake kila siku.

Jaribio la nne ndilo lenye mafunzo kuliko yote. Alifika siku ya 24. Hana arosto tena, kikohozi kimepungua, anapanda ngazi bila kuhema. Mlima Kitonga, saa tano usiku, breki zimegoma. Wamepaki pembeni, matawi yamewekwa barabarani, tajiri anapiga simu anatukana, fundi atatoka Iringa asubuhi. Utingo anawasha sigara yake. Dereva anasema, "Nipe na mimi, moja tu."

Sigara ile yenyewe haikuwa tamu. Wengi husema hivyo: kichwa kilizunguka, mdomo ulikuwa na ladha ya majivu. Kilichofanya arudi ni kile alichojiambia baadaye: "Basi, nimeshaharibu." Akamaliza zile za utingo, asubuhi akanunua pakiti. Hapa ndipo tunapotaka msikie vizuri. Kuteleza ni sigara moja. Kurudi ni kununua pakiti. Kati ya hivyo viwili kuna saa kadhaa ambazo mtu bado anaweza kufanya jambo. Ni kweli kwamba anayeteleza, hasa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida huishia kurudi, na kwa hiyo hatusemi moja haina neno. Moja ina neno kubwa. Ila yule anayesema "nimeshaharibu" amekata tamaa ya kitu ambacho bado kipo.

Ukiteleza, fanya haya usiku uleule. Kilichobaki kwenye pakiti kilowanishe maji kwanza ndipo ukitupe, maana kipisi kikavu kwenye pipa watu wamekifuata. Kama umebandika plasta ya nikotini, usiibandue; sigara moja juu ya plasta haikuui, na kuibandua ndiko kunakokurudisha dukani. Usisubiri Jumatatu, wala mwisho wa mwezi, wala mwaka mpya. Kuacha kunaendelea kuanzia sigara ile ilipozimwa.

Kisha andika mambo matano kwenye simu yako, kabla hujalala: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, nini kilitangulia, iwe kikombe, chupa, simu au ugomvi, na sigara yenyewe uliipataje. Hilo la mwisho watu huliruka, na ndilo lenye faida kubwa. Hapa kwetu sigara inauzwa moja moja, kiberiti kimefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda. Huhitaji kuamua kurudi kuvuta, unahitaji sarafu tu. Dereva wetu mara ya kwanza alinunua dirishani, mara ya pili aliokota mezani, mara ya nne alipewa na utingo. Hakuna hata mara moja aliyoingia dukani akaomba pakiti ndipo akaanza. Kwa hiyo kwake yeye mlango ni sigara ya mkono wa mwenzake, na jaribio la tano lazima liufunge mlango huo kabla ya kitu kingine.

Sasa tulipange hilo jaribio la tano kutokana na manne yaliyokufa.

Tarehe: siku ya pili baada ya kurudi Dar, akiwa na mapumziko ya siku nne. Jioni ya kuamkia siku hiyo anasafisha kebini: visahani vya majivu, viberiti, zile sigara mbili za akiba kwenye kisanduku cha dashibodi ambazo kila mmoja wenu anazijua zilipo. Anaosha mapazia na vitambaa vya viti, kwa sababu harufu ya moshi inaita.

Utingo: anaongea naye wazi. Hamwombi aache. Anamwomba mambo mawili, asivute ndani ya kebini, na asimpe sigara hata akiombwa kwa hasira. Maneno ya kumwambia yawe hayo hayo: "Nikikuomba, ninyime, na kesho nitakushukuru." Kule Kitonga utingo hakuwa mtu mbaya, hakuwa ameambiwa tu.

Dawa: huyu anavuta zaidi ya 10 kwa siku, na ya kwanza ndani ya nusu saa ya kuamka. Hizo ni dalili mbili za uraibu mzito, na kwa mtu kama huyo nia peke yake huishia siku ya pili kama tulivyoona. Nikotini ya dawa huongeza nafasi ya kuacha kwa kiasi cha nusu zaidi, na plasta pamoja na chingamu hufanya kazi kuliko kimoja peke yake. Kwa kawaida mtu wa kiwango chake huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Inabandikwa asubuhi, mkono wa juu au kifuani, kwenye ngozi kavu isiyo na nywele wala mafuta, na kesho inahamia mahali pengine ili ngozi isiwashwe. Ukiota ndoto za kukimbizwa, ibandue unapokwenda kulala.

Plasta inatoa nikotini taratibu, haiwezi kuzima ile kiu ya ghafla ya kwenye mizani. Hiyo ndiyo kazi ya chingamu, na hapa watu wengi hukosea. Chingamu ya nikotini haitafunwi kama jojo. Unaitafuna polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, unaisimamisha kati ya shavu na fizi, ukali ukipotea unatafuna tena kidogo, hivyo hivyo kwa nusu saa. Ukiitafuna mfululizo unameza nikotini: kwikwi, kiungulia, kichefuchefu, kisha unasema dawa haifai. Kosa lingine ni kuinywea soda, kahawa au juisi. Vinywaji vichachu huzuia nikotini isipite kwenye ngozi ya mdomo, kwa hiyo acha dakika 15 kabla. Anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa ya kuamka atumie ya miligramu 4. Mwingine ya 2. Na asiitumie kwa ubahili. Wengi hutafuna mbili kwa siku, wakaacha baada ya wiki moja, kisha wakahesabu kwamba wameshajaribu na dawa.

Si kila duka la dawa linazo, na bei hutofautiana, ulizeni mapema kabla ya tarehe yenu. Vipo pia vidonge ambavyo Shirika la Afya Duniani linavipendekeza, vareniklini, bupropioni na sitisini, ila hivyo ni vya kuandikiwa na daktari. Bupropioni haimfai mwenye kifafa, na vareniklini humpa mtu mwingine kizunguzungu au usingizi, jambo ambalo dereva lazima alijue kabla ya kushika usukani. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza hata kwa plasta.

Asiye na uwezo wa dawa asikae akisubiri. Walio wengi walioacha duniani waliacha bila dawa. Atahitaji tu kuzipanga vizuri zaidi siku zile 8 za kwanza.

Mizani na mpaka: kiu ya sigara huja kama wimbi, na wimbi moja kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache, 3 hadi 5, uvute usivute. Anachohitaji ni kazi ya mikono ya dakika 5. Kwenye foleni dereva wetu anashuka, anagonga matairi yote moja moja, anarudi. Matairi 22 yanamtosha. Akikaa kwenye kiti akiangalia moshi wa gari la mbele, wimbi litamkuta.

Neno moja kwa ndugu zetu Waislamu. Kila Ramadhani mvutaji anakaa saa 13 na zaidi kila siku bila sigara, mwezi mzima, na kisha akifuturu anawasha. Yapo hapo majaribio 30 ambayo hayahesabiwi popote, nayo yanaonyesha jambo: mchana anaweza, kwa sababu mchana hakuna mjadala kichwani, kinachomshinda ni ile nafasi moja baada ya futari. Anayetaka kuutumia mwezi huo asianze na mchana, ameshauweza. Apange nusu saa ya baada ya futari: anyanyuke mkekani mara tu akimaliza kula, aende msikitini kwa miguu, asikae na kundi la kahawa.

Wanaohama kutoka sigara kwenda ugoro au shisha wajue kwamba hawajaacha. Nikotini ni ile ile, na shisha ina moshi wa mkaa juu yake. Na akina mama, mtaona mzee ananenepa. Wastani ni kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Wengine hurudi kuvuta kwa sababu hiyo hiyo tu. Asianze kujinyima chakula wiki ile ile anayoacha sigara, njaa na arosto zikikutana hazimwachi mtu. Mpeni karanga chache, matunda, maji. Kitambi kitashughulikiwa mwezi wa tatu.

Kuna anayeuliza ni lini mtu anaweza kusema ameacha kabisa. Wiki 4 zikipita, mwili umemaliza sehemu yake kubwa. Mwaka ukipita, nafasi ya kurudi imeshuka sana, ingawa haijafika sifuri. Kila mwaka kama mmoja kati ya kumi wa waliofikisha mwaka bado huteleza akarudi, na mara nyingi ni kwenye msiba, harusi, au gari bovu usiku. Kwa hiyo chingamu mbili zibaki kwenye kisanduku cha dashibodi, pale zilipokuwa zile sigara za akiba.

Tumekuja na kipimo cha pumzi, kiko meza ile ya dirishani. Unazuia pumzi sekunde 15, unapuliza taratibu, kinasoma kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu inayotoka pia kwenye jiko la mkaa. Mvutaji wa kila siku kwa kawaida huvuka 10, asiyevuta hukaa chini ya 6. Waliotoka kwenye foleni ya dizeli sasa hivi wajue kwamba moshi wa barabarani unaweza kupandisha namba kidogo. Sumu hiyo hupungua nusu kila baada ya saa 4 au 5, kwa hiyo atakayeacha leo usiku akija kesho mchana ataona namba nyingine. Karatasi za mambo matano ziko mezani hapo hapo. Wenye majaribio ya zamani mnayoyakumbuka, yaandikeni nyuma ya karatasi kabla hamjachagua tarehe, kila moja na siku iliyokufa, ili mshauri aanze na hayo.